Kabla Faili Halijaenda kwa Mhasibu

Chukua karatasi ya malipo ambayo karibu kila ofisi inaijua: posho na nauli za washiriki wa mafunzo ya siku tatu mjini Morogoro. Washiriki wametoka Kilosa, Ifakara na Malinyi. Posho ni shilingi 80,000 kwa siku, na nauli ya kwenda na kurudi inategemea mtu ametoka wapi. Mwandaaji amepanga kila kitu kwenye Excel kuanzia mstari wa 5: jina, kituo, namba ya simu ya kulipia, idadi ya siku, kiwango cha posho, kisha safu G ina posho ya mtu, safu H nauli yake, na safu I jumla yake. Chini kabisa, kwa herufi nzito, kuna jumla kuu ya shilingi 7,660,000. Hakuna kisanduku chenye alama ya kosa, na mistari imenyooka.

Fedha inayotakiwa kulipwa kwa kweli ni shilingi 7,900,000. Faili limepungukiwa 240,000, na kiasi hicho ni mtego, kwa sababu ni posho kamili ya mtu mmoja kwa siku tatu. Ukimpa mtu kazi ya kutafuta upungufu huo atahangaika kumsaka mshiriki mmoja aliyesahaulika, wala hatampata. Ndani ya faili hilo kuna makosa manne. Mawili yanapunguza jumla kwa 600,000 na mawili yanaiongeza kwa 360,000. Yamefidiana, na tofauti iliyobaki haifanani na kosa lolote kati ya hayo manne.

Mfano huu nimeutunga ili hesabu yake iwe rahisi kufuata, lakini makosa yenyewe ni ya kila siku. Yote manne yana tabia moja: Excel haioni tatizo. Fomula ikigawanya kwa sifuri, au ikielekezwa kwenye kisanduku kilichofutwa, Excel hupiga kelele kwa `#DIV/0!` au `#REF!`, na hakuna atakayethubutu kutuma faili la namna hiyo. Kosa linalofika idara ya fedha ni lile ambalo kompyuta imekokotoa kwa usahihi kabisa, ila imekokotoa kitu ambacho hukukusudia. Kuzikodolea macho tarakimu mara ya pili hakusaidii hapo, maana tarakimu zenyewe hazina dalili. Inabidi ulilazimishe faili lioneshe kilicho chini yake.

Ndiyo maana ninapendekeza karatasi ya ukaguzi ya ukurasa mmoja, iliyochapishwa na kuwekwa kwenye kila meza inayoandaa malipo. Nasisitiza jambo moja kuhusu umbo lake: isiwe na viboksi vya kuweka tiki. Tiki inaweza kuwekwa na mtu ambaye hata faili hajalifungua. Kila swali liwe na nafasi ya kuandika namba, na namba hiyo ipatikane tu kwa mtu aliyefanya kazi yenyewe. Anayejaza asiwe aliyeandaa faili, kwa sababu mwandaaji huona alichokusudia kuandika badala ya kilichoandikwa. Tena afanye kazi kwenye nakala, ili akiharibu kitu faili la asili libaki salama.

Swali la kwanza linahusu mistari iliyofichwa, na lazima litangulie mengine yote. Kwenye faili letu kuna mshiriki mmoja aliyejitoa siku mbili kabla ya mafunzo. Mwandaaji hakuufuta mstari wake. Aliuficha, pengine akidhani huenda mtu huyo angebadili mawazo. Ukichapisha karatasi hutamwona. Lakini `SUM` haijali kilichofichwa, inajumlisha kila kilichomo kwenye eneo lake, na mtu huyo bado amehesabiwa kwa shilingi 280,000. Karatasi ya kusaini itakuwa na majina 29, huku fedha iliyoombwa ikiwa ndani yake na fungu la mtu wa 30.

Dalili iko ukingoni mwa skrini, kushoto, kwenye namba za mistari. Zisome zikishuka: 24, 25, 27. Namba 26 haipo. Namba hizo zikiwa na rangi ya bluu, hiyo ni dalili nyingine tofauti: kuna filta imewashwa na baadhi ya mistari imechujwa. Kwenye faili refu hutaweza kuzisoma zote, kwa hiyo iachie Excel ikuambie. Katika kisanduku chochote kitupu andika:

```
=SUM(I5:I34)-SUBTOTAL(109,I5:I34)
```

Namba 109 inaiambia `SUBTOTAL` ijumlishe mistari inayoonekana tu na kuiacha iliyofichwa kwa mkono au kwa filta. Ukiandika 9 badala yake, mistari iliyofichwa kwa mkono itahesabiwa na kipimo hakitakuwa na maana. Jibu likiwa sifuri, hakuna fedha iliyojificha kwenye mistari hiyo. Kwenye faili letu jibu ni 280,000. Hapo chagua karatasi yote kwa kubofya pembetatu iliyo kwenye kona ya juu kushoto, bofya namba ya mstari wowote kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha `Unhide`. Fanya vivyo hivyo kwenye herufi za safu, na kwenye majina ya karatasi zilizo chini ya dirisha. Baada ya hapo amua: mtu huyu analipwa au halipwi? Kama halipwi, mstari wake ufutwe. Jumla sasa inashuka hadi 7,380,000, na ni kweli kwamba tumezidi kuwa mbali na jibu sahihi. Usishtuke. Makosa yaliyokuwa yanafidiana yanaanza kuachana.

Kuficha mistari si mchezo wa ofisi ndogo peke yake. Mwaka 2008, benki ya Barclays ilipokuwa inanunua sehemu ya mali za Lehman Brothers iliyofilisika, orodha ya mikataba iliyokuwa inachukuliwa ilitayarishwa kwenye Excel. Mikataba 179 ambayo Barclays haikuitaka ilikuwa kwenye mistari iliyofichwa. Ofisi ya mawakili ilipolitengeneza upya faili hilo ili liwasilishwe mahakamani, mistari ile ikajitokeza na kuingia kwenye orodha ya mali zinazonunuliwa. Ikabidi warudi mahakamani kuomba marekebisho. Kwa maoni yangu, mstari usiotakiwa kwenye faili la malipo una nafasi moja tu inayokubalika, nayo ni kufutwa. Kumbukumbu yake ikae kwenye faili jingine.

Swali la pili: fomula ya jumla inaanzia wapi na kuishia wapi? Baada ya kufuta mstari wa aliyejitoa, watu wetu 29 wanakaa kuanzia mstari wa 5 hadi wa 33, na jumla iko mstari wa 34. Bofya kisanduku cha jumla, kisha bonyeza `F2`. Excel itachora fremu ya rangi kuzunguka visanduku vinavyojumlishwa. Fremu hiyo itasimama mstari wa 31, kwa maana fomula inasomeka hivi:

```
=SUM(I5:I31)
```

Watu wawili wa mwisho wako nje. Walithibitisha kuja wakati jumla imeshawekwa, mwandaaji akaingiza mistari miwili mipya juu ya jumla, na fomula ikabaki na eneo lake la zamani. Wakati mwingine Excel huliongeza eneo hilo yenyewe unapoandika mstari mpya chini ya data, na wakati mwingine haifanyi hivyo. Ndicho kinachowaponza watu: umezoea kuona inajirekebisha, basi siku isipojirekebisha huangalii. Mmoja wa wawili hao anatoka Ifakara na anastahili 280,000, mwingine anatoka Kilosa na anastahili 260,000. Tukiinyoosha fomula hadi `I33`, tunaongeza 540,000 na jumla inakuwa 7,920,000. Safu G na H nazo zinyooshwe, kwa kuwa fomula za chini kwa kawaida hunakiliwa pamoja na hurithi ugonjwa mmoja.

Kosa la aina hii limewahi kuingia hadi kwenye mjadala wa sera za uchumi duniani. Mwaka 2010 wanauchumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walitoa andiko lililodai kwamba nchi tajiri ambazo deni la serikali limezidi asilimia 90 ya pato la taifa hukua kwa kusuasua mno. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, alipata faili lao na kugundua, pamoja na mambo mengine aliyoyapinga, kwamba fomula ya wastani ilichukua mstari wa 30 hadi 44 badala ya 30 hadi 49. Nchi tano ziliachwa nje: Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark. Waandishi walikubali kwamba fomula ile ilikosewa. Kwa kubonyeza `F2` mara moja kwenye kisanduku kile, fremu ingewaonesha.

Sasa tuna 7,920,000, kiasi ambacho kimezidi kwa 20,000 tu. Wengi wangeishia hapa, wakasema tofauti ndogo kama hiyo itakuwa ni nauli ya mtu. Bado kuna makosa mawili ndani.

La tatu ni letu sisi wa Afrika Mashariki, na ndilo ninalolichukia kuliko yote kwa jinsi lilivyo la kawaida. Kwenye mstari wa 11 kuna mshiriki kutoka Malinyi mwenye nauli ya 60,000. Mwandaaji aliandika kama tunavyoandika kwenye risiti na madaftari yetu yote: 60,000/=. Kwa jicho la binadamu hakuna ubaya. Kwa Excel, alama ile ya mwisho imeigeuza namba kuwa maandishi, sawa na neno “Malinyi” lenyewe. Jumla ya mtu huyo imeandikwa `=SUM(G11:H11)`, na `SUM` ikikutana na maandishi ndani ya eneo lake huyaruka kimya kimya. Kwa hiyo amepangiwa 240,000 ya posho, na nauli yake haipo popote, si kwenye mstari wake wala kwenye jumla ya safu. Kama fomula ingekuwa `=G11+H11`, Excel ingetoa `#VALUE!` na kosa lingeonekana papo hapo.

Watu husema pembetatu ndogo ya kijani kwenye kona ya kisanduku itakuonya. Pembetatu hiyo hutokea pale maandishi yanapofanana kabisa na namba, kama 60000 iliyotanguliwa na alama ya kunukuu. Kwa 60,000/= haitokei. Dalili nyingine inayotajwa ni kwamba maandishi hukaa kushoto mwa kisanduku na namba hukaa kulia, na hiyo ni kweli mpaka mtu apange safu nzima ikae katikati, jambo ambalo wapenda urembo hulifanya kila siku. Kipimo cha uhakika ni kuhesabu kwa njia mbili:

```
=COUNT(H5:H33)
=COUNTA(H5:H33)
```

`COUNT` huhesabu visanduku vyenye namba tu. `COUNTA` huhesabu vyote visivyo vitupu. Hapa ya kwanza inatoa 28 na ya pili 29, basi kisanduku kimoja kimejifanya namba. Kukipata, tumia `=ISNUMBER(H5)` pembeni na uivute hadi chini. Patakaposomeka `FALSE` ndipo penyewe. Namba zilizonakiliwa kutoka kwenye PDF au taarifa ya benki huwa na ugonjwa huo huo, kwa sababu ya nafasi tupu zisizoonekana mbele au nyuma ya tarakimu. Na kama ofisi inapenda kuona alama ya shilingi, isiandikwe kwa mkono. Iwekwe kwenye `Format Cells`, sehemu ya `Custom`, kwa umbo hili: `#,##0"/="`. Kisanduku kitaonesha 60,000/= na ndani yake kitabaki na namba safi.

Hapa utaona kwa nini mistari iliyofichwa ilitangulia. Kama mtu aliyejitoa angekuwa bado yumo, `COUNT` ingetoa 29, sawasawa na idadi ya watu waliohudhuria, na mkaguzi angeandika 29 kwa amani ya moyo na kuendelea.

Tukisharekebisha nauli ya Malinyi, jumla inapanda hadi 7,980,000. Kosa la nne linatokana na fomula iliyofunikwa kwa namba. Mshiriki wa mstari wa 19 alikuwa alipwe siku tatu. Wakati fulani mtu alibofya kisanduku cha jumla yake na kuandika 280,000 moja kwa moja, labda kwa haraka, labda kwa kuwa fomula ilikuwa imeharibika siku hiyo. Baadaye ikajulikana atakaa siku mbili tu, idadi ya siku ikabadilishwa, posho yake ikashuka yenyewe hadi 160,000, na pamoja na nauli ya 40,000 alistahili 200,000. Kisanduku cha jumla hakikujua lolote. Kinaendelea kusoma 280,000 na kitasoma hivyo milele.

Kuna njia mbili za kulinasa. Ya kwanza ni ya kihasibu na ina umri mkubwa kuliko kompyuta: jumlisha chini, jumlisha na kulia, kisha linganisha. Jumla ya safu ya posho ni 6,880,000, ya nauli ni 1,020,000. Zote mbili ni 7,900,000. Safu I inasema 7,980,000. Tofauti ya 80,000 imejitokeza. Lakini kipimo hiki kinachosifiwa sana kina mpaka wake, na kwenye faili letu kimenasa kosa moja tu kati ya manne. Mtu aliyefichwa alikuwa amehesabiwa kwenye safu zote, waliobaki nje walikuwa nje kwenye safu zote, na nauli ya Malinyi ilirukwa chini na kulia. Mhasibu anayetegemea kipimo hiki peke yake ana sababu ya kupunguza imani.

Njia ya pili inakuonesha kisanduku chenyewe. Chagua visanduku `I5:I33`, bonyeza `F5`, kisha `Special`, chagua `Constants` na ukubali. Excel itaangaza kila kisanduku kilichoandikwa namba kwa mkono mahali pa fomula. Kwenye safu ya jumla kisiangaze hata kimoja. Hapa kinaangaza `I19`. Baada ya kukirudishia fomula, tunafika 7,900,000, na kwa mara ya kwanza chini na kulia vinakubaliana kwa sababu ya haki.

Kuna kosa moja ambalo halimo kwenye faili hili na ambalo hakuna jumla yoyote inayoweza kuligundua. Mtu anachagua safu ya majina peke yake na kuipanga kwa alfabeti. Excel humuuliza kama anataka kujumuisha na safu za jirani. Akichagua `Continue with the current selection`, majina yanahama na namba za simu zinabaki zilipokuwa. Jumla haibadiliki hata shilingi moja, huku fedha zikienda kwenye simu za watu wengine. Dawa ni kulinganisha jina na simu dhidi ya fomu ya mahudhurio iliyosainiwa. Wengine hushauri kuchukua mistari mitano kama sampuli. Hiyo inatosha kama safu nzima imehama. Lakini kama ni watu wawili tu waliobadilishana namba kati ya 29, sampuli ya mitano itawakosa wote wawili kwa zaidi ya nafasi mbili kati ya tatu. Kwa orodha ya ukubwa huu someni yote, mmoja akitaja jina na simu, mwenzake akifuata kwenye fomu. Namba ya simu iliyopoteza sifuri ya mwanzo mtaiona hapo hapo, na namba iliyotokea mara mbili itaonekana kwa `=COUNTIF(D$5:D$33,D5)`, ambayo kwa kila mtu inapaswa kutoa 1. Ikitoa 2, ulizeni kabla ya kudhani. Huenda mtu hana simu na amempa mwenzake ampokelee, na huenda si hivyo.

Basi karatasi ya ukaguzi inakuwa na maswali machache ya kujaza. Tofauti ya `SUM` na `SUBTOTAL` ni ngapi? Mtu wa mwisho yuko mstari gani, na fomula inaishia mstari gani? `COUNT` ni ngapi, `COUNTA` ni ngapi, na fomu ya mahudhurio ina watu wangapi? Chini ni ngapi, kulia ni ngapi? Visanduku vya mkono kwenye safu ya jumla ni vingapi? Ni majina mangapi yamelinganishwa na simu zake? Mwisho, jumla kuu, jina la faili, tarehe, na saini mbili: ya mwandaaji na ya mkaguzi. Kabla ya kuandika jumla, bonyeza `F9`, kwa sababu faili linaweza kuwa limewekwa kwenye hali ya kutokokotoa lenyewe, na namba unayoiona ikawa ya jana.

Karatasi hii haitakuambia kama 80,000 ndicho kiwango kilichoidhinishwa, wala kama mtu aliyesaini mahudhurio alikuwepo kweli. Kiwango kinalinganishwa na barua ya kibali, na mahudhurio yanathibitishwa na aliyesimamia mafunzo. Hayo yana wenyewe, na Excel haihusiki.

Kwa wahasibu nina ombi moja. Faili la malipo likija bila karatasi hii, au likija nayo huku jumla iliyoandikwa kwa kalamu hailingani na jumla iliyo kwenye skrini, msilitengeneze wenyewe kwa huruma. Lirudisheni kwa mwandaaji, likakaguliwe upya kuanzia swali la kwanza.